Uzi: Naandika tamko la kozi kuhusu ChatGPT na wenzake. Wapi ruhusa, wapi hapana, na mwanafunzi akiri vipi?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za usiku. Nafundisha mbinu za utafiti na uandishi wa ripoti kwa mwaka wa pili, chuo kimoja hapa nyumbani Tanzania, wanafunzi 180. Muhula uliopita niliweka sentensi moja kwenye muhtasari wa kozi: "Matumizi ya akili mnemba ni marufuku." Nikajiona nimemaliza kazi.

Ripoti zikaja. Watatu kati yao wamenukuu makala ileile kuhusu mama lishe wa Temeke. Nimeitafuta siku mbili. Jarida lipo, mwandishi yupo na ni msomi kweli, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu. Nikawaita ofisini. Wa kwanza akasema rejea alipewa na mwenzake kwenye kundi la WhatsApp. Wa pili alikana kabisa. Wa tatu ndiye aliyenitoa usingizi: "Mwalimu, mimi AI sikutumia. Nilitumia Grammarly tu, na ile ya kutafsiri." Na nilimwona kabisa hadanganyi, ndivyo anavyoamini.

Hapo nikajua neno langu "matumizi" halina mpaka. Muhula huu nataka tamko la kueleweka. Kozi ina kazi tatu: insha ya darasani, mapitio ya maandishi, na ripoti ya uwandani ya maneno 2,500 yenye mahojiano matano. Rasimu yangu hadi sasa inasema hivi: "Mwanafunzi anaruhusiwa kutumia akili mnemba kwa kiasi, mradi akiri." Najua haitoshi. Nisaidieni.

Kibatari

Mkuu unajisumbua bure. Turnitin, ile programu ya kukagua kazi za wanafunzi, siku hizi inaonyesha asilimia ya AI. Chuoni kwetu kikomo ni 25, ukizidi unarudishiwa kazi yako. Mashine ikamate mashine, wewe kunywa chai.

Karani wa Ubora

Kibatari, umechanganya vikapu viwili, na si wewe peke yako, hata wakuu wa idara wanachanganya. Hiyo 25 mnayoitaja kwenu nadhani ni ya mfanano, yaani kiasi gani cha maandishi kinalingana na yaliyokwisha kuchapishwa. Namba ya AI ni nyingine. Ile ya mfanano inakuonyesha chanzo, unakifungua, unakilinganisha na kazi, unabishana nacho. Ya AI haina chanzo cha kukuonyesha. Ni kadirio tu kwamba sentensi hizi zinafanana na zinavyoandika mashine. Wenyewe Turnitin wakipata chini ya 20 hawatoi namba, wanaweka nyota, kwa sababu hapo makosa ni mengi. Na maandishi yasipofika maneno 300 hawapimi.

Halafu lugha. Walianza na Kiingereza mwaka 2023, baadaye wakaongeza Kihispania na Kijapani. Kiswahili hakimo. Idara ya Kiswahili ikikuambia "tumepima AI kwa Turnitin", waulize wamepima nini.

OpenAI, wenye ChatGPT, nao walikuwa na kipimo chao cha kugundua maandishi ya mashine. Walikiondoa Julai 2023, wakasema usahihi wake ni mdogo. Kama mfua kufuli mwenyewe kashindwa kutambua ufunguo wake, mimi simfukuzi mtoto wa mtu chuo kwa kadirio.

msaka_gpa

Kwa hiyo mwalimu umeruhusu? Safi sana. Ya bure au ya kulipia? Na kwenye orodha ya rejea naiandikaje, jina la mwandishi ni nani hapo?

Mwalimu wa Zamu

Kijana, sijaruhusu kitu bado. Soma uzi kwanza.

Karani wa Ubora

Swali lake si baya ingawa amelikosea mlango. Kunukuu na kukiri ni vitu viwili. Kwa mtindo wa APA wa kuandika rejea, ukinukuu jibu la ChatGPT mwandishi anawekwa OpenAI, kampuni, si programu. Lakini hapo unanukuu kwa sababu unajadili maneno yaliyotoka kwenye programu. Ukitaka kujua mama lishe wanalipa ushuru kiasi gani, ChatGPT si chanzo, nenda halmashauri. Kukiri ni habari nyingine: unaeleza kazi yako ilipikwa vipi, hata kama hakuna neno moja la programu lililobaki kwenye sahani. Mwenye kunukuu vizuri anaweza kuwa hajakiri chochote.

Na asiiweke kwenye jalada kama mwandishi mwenza. COPE, wale wa maadili ya uchapishaji wa kitaaluma, walilimaliza hilo Februari 2023: chombo kisichoweza kuwajibika kwa kilichoandikwa hakiwi mwandishi.

Binti Mrima

Naomba niseme langu, jambo hili limenichoma. Nilikuwa nasoma shahada ya pili. Sura ya pili ya tasnifu niliiandika kwa mkono kwenye daftari la kaunta, kisha nikaipiga chapa. Msimamizi akaipitisha kwenye tovuti moja ya bure ya kugundua AI, ikamwambia 78. Wiki tatu hakunijibu barua pepe. Alipojibu alisema "Kiingereza hiki si chako." Kiingereza changu ni cha sekondari ya bweni: sentensi fupi, viunganishi vilevile tulivyokaririshwa, msamiati wa tahadhari. Ndicho tulichofundishwa tuite kizuri!

Nilimpelekea daftari. Alilifungua kurasa mbili akasema haya, endelea. Hakuomba radhi. Kwa hiyo mwalimu, kabla hujaandika adhabu, andika kwanza mwanafunzi anajiteteaje.

Karani wa Ubora

Pole dada. Hilo lako lina jina kwenye utafiti. Watu wa Stanford mwaka 2023 walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo ziliitwa za mashine. Sababu ni hiyohiyo uliyoitaja: vipimo vile vinaangalia jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Mwenye msamiati mwembamba anatabirika, sawasawa na mashine. Vipimo vimebadilika tangu hapo, ila mantiki ya kutabirika bado imo ndani yao.

Komredi wa Thika

Mwalimu, hujambo. Hapa Kenya sisi hatuna tofauti na nyinyi. Swali langu ni moja tu, na hakuna mhadhiri amewahi kunijibu sawasawa. Nikihoji mtu sokoni kwa Kiswahili, nikaandika aya yangu kwa Kiswahili, mawazo ni yangu, mpangilio ni wangu, kisha nikaipa ChatGPT iigeuze Kiingereza. Je, hiyo kazi ni ya nani? Kwa sababu yule mwanafunzi wako wa tatu, mimi namwelewa kabisa.

Kibatari

Ni ya mashine. Umepewa kazi ya Kiingereza, Kiingereza si chako, kwisha.

Komredi wa Thika

Na ningelimlipa dada wa saiba anitafsirie ingekuwa yake?

Kibatari

Ndiyo. Hata hiyo ni kosa, basi tu hamkukamatwa.

Karani wa Ubora

Hapa ndipo penye mzizi wa tamko la mwalimu, ngoja nikae vizuri.

Watu wengi wanaandika tamko kwa majina ya programu: hii ndiyo, ile hapana. Linachakaa kabla muhula haujaisha. Grammarly ya zamani ilisahihisha tahajia na sarufi, ya sasa inakuandikia aya nzima ukibofya. Word nayo hivyohivyo. Jina ni lilelile, kazi imebadilika. Kwa hiyo usiulize "programu gani?" Uliza: kazi hii inapima nini? Kile kinachopimwa, mwanafunzi akifanye mwenyewe. Kisichopimwa, asaidiwe na aseme.

Kwa komredi: kama ni kozi ya uandishi wa Kiingereza, kutafsiriwa ni kupimwa mtu mwingine. Kama ni kozi ya mbinu za utafiti, kinachopimwa ni kama umeuliza maswali ya maana, umesikiliza, umepanga hoja kutokana na ulichosikia. Tafsiri haigusi kinachopimwa hapo, kwa sharti unabaki na aya ya Kiswahili na unaiambatisha. Sharti hilo lina sababu. Mama akisema "biashara imekaa vibaya", programu inaweza kukuandikia kwa Kiingereza kwamba biashara yake imefungwa. Umebadilisha matokeo ya utafiti wako bila kujua, na msomaji hana pa kukushika isipokuwa aya ile ya Kiswahili.

Sasa kukiri kwenyewe. Tatizo la rasimu ya mwalimu ni maneno "kwa kiasi" na "mradi akiri". Mwanafunzi ataandika hivi:

"Nimetumia AI kuboresha kazi yangu."

Hapo hujui kitu. Kuboresha ni koma au ni hoja? Linganisha na hili, nalitunga kutokana na kazi ya mwalimu:

"Ripoti ya wauza chakula, mahojiano matano, niliyofanya mwenyewe. Kabla ya kwenda uwandani niliiomba ChatGPT maswali 15 ya mahojiano. Nilichukua manne, nikabadilisha mawili baada ya mhojiwa wa kwanza kutoyaelewa. Sehemu ya matokeo niliiandika kwa Kiswahili, nikatafsiri kwa ChatGPT, nikaisahihisha kwa mkono; aya za Kiswahili ni kiambatisho B. Niliomba rejea, nikapewa sita. Nilizipata mbili, hizo ndizo zilizomo. Hitimisho niliandika bila msaada."

Mistari hiyo haimalizi dakika kumi kuiandika kwa aliyefanya kazi, na asiyefanya hawezi kuitunga bila kujikwaa. Unamwita unamwuliza: maswali mawili uliyoyabadilisha yalikuwaje mwanzo? Nani hakuyaelewa? Anayejua anakujibu akiwa amesimama mlangoni.

msaka_gpa

Sasa mzee, nikikiri hivyo si utanikata maksi? Wenzangu watanyamaza wapate A, mimi mkweli nipate C.

Karani wa Ubora

Umelenga. Tamko lote linakufa kwenye swali hilo. Kama kukiri kunapunguza maksi hata mara moja, darasa zima litajua kabla ya saa sita mchana na hutaona tena tamko la kweli. Iandikwe wazi: kukiri jambo lililoruhusiwa hakuna makato. Na asiyetumia chochote naye ajaze, aandike "sikutumia". Ukurasa mtupu usikubaliwe, la sivyo mtu atakuambia alisahau.

Mjukuu wa Kinondoni

Nachangia kutoka Ujerumani, nasoma huku. Huku hili la kukiri lilikuwepo zamani kabla ya ChatGPT. Mwisho wa tasnifu unaweka ukurasa wenye sahihi yako, unatamka kazi ni yako na hukutumia msaada wowote zaidi ya ulioutaja. AI ilipokuja ikaingizwa humohumo kama msaada mmojawapo. Hilo limenisaidia kichwani: nakiri ChatGPT palepale ninapomtaja rafiki aliyenisomea rasimu, sioni kama kuungama dhambi. Ila karatasi ikiwa ile moja ya kunakili watu wanasaini bila kusoma, nimeona kwa macho yangu.

Wakili Mtaani

Mwalimu, kuna shimo hamjaliona. Mahojiano matano mara watoto 180 ni watu 900 waliokubali kuongea na mwanafunzi, si na kampuni ya nje. Mtoto akipakia maandishi ya mahojiano kwenye ChatGPT apate muhtasari, ndani kuna jina la mama, mtaa, namba ya simu, pengine na deni lake la kausha damu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kusafirisha taarifa za mtu nje ya nchi kuna masharti yake. Fomu ya ridhaa mliyompa mama inasema nini? Nina hakika haisemi "tutampa mashine".

Mwalimu wa Zamu

Wakili, hapo umenikamata. Fomu yetu inasema "kwa matumizi ya kitaaluma tu". Basi hilo liwe katazo bila kujali nani anakiri: data ghafi ya wahojiwa haipandi kwenye programu yoyote. Wanaotaka kutafsiri watafsiri aya zao wenyewe, majina yakiwa yameshaondolewa.

Na zile rejea hewa, wenzangu mnazigunduaje haraka? Siwezi kukesha siku mbili kwa kila moja.

Binti Mrima

Mimi naanza na DOI, namba ya utambulisho ya makala. Naikopi naibandika mwishoni mwa `https://doi.org/`. Ya uongo ama haifunguki kabisa, ama inafungua makala nyingine isiyohusika, kitu kama magonjwa ya ng'ombe. Isipokuwa na DOI naingia tovuti ya jarida, natazama toleo la mwaka ule. Utakuta wameandika ukurasa wa 211 mpaka 229 wakati toleo zima liliishia ukurasa wa 140. Dakika mbili tu.

Ila angalizo: majarida mengi ya nyumbani ya kitaaluma hayana DOI na tovuti zao hulala wiki nzima. Makala kutoonekana mtandaoni si ushahidi kwamba haipo. Mwambie mwanafunzi alete nakala. Aliyesoma anayo.

Mwalimu wa Zamu

Asanteni. Nimekaa nalo siku tatu, hili hapa:

"Insha ya darasani inaandikwa kwa mkono, bila chombo chochote, kwa sababu inapima unavyofikiri peke yako. Katika mapitio ya maandishi unaweza kutumia programu kutafuta vyanzo na kusahihisha lugha. Muhtasari wa kila chanzo uuandike mwenyewe, na uwe na nakala ya kila chanzo ulichonukuu. Katika ripoti ya uwandani unaweza kusaidiwa kutunga maswali, kutafsiri aya ulizoandika wewe na kusahihisha lugha. Kuchambua mahojiano na kuandika matokeo na hitimisho ni kazi yako. Usipakie maandishi wala sauti za wahojiwa kwenye programu yoyote.

Kila kazi, isipokuwa ya darasani, iwe na tamko la maneno kati ya 50 na 150: ulitumia nini, katika hatua gani, ulichukua nini na ulibadilisha nini. Kama hukutumia, andika hivyo. Kukiri kilichoruhusiwa hakupunguzi maksi. Kazi isiyo na tamko itarudishwa bila kusahihishwa mpaka liletwe. Namba ya kipimo cha AI haitatumika kama ushahidi. Nikiwa na shaka nitakuita tuzungumze. Njoo na rasimu zako."

Kwa rasimu nitawaonyesha siku ya kwanza wapi pa kuzipata kwenye Google Docs, `File` kisha `Version history`. Na kuwaita wote 180 kwa dakika tano tano ni saa 15, siwezi. Nitawachagua 20 kwa bahati nasibu kila kazi, chini ya saa mbili, na watajua mapema kwamba yeyote anaweza kuitwa.

Kibatari

Hiyo `Version history` wataandika kwa kunakili kutoka simu polepole, neno kwa neno, ionekane wamechapa. Mdogo wangu anafanya.

Karani wa Ubora

Kweli kabisa, ndiyo maana ni kitu cha kuzungumzia tu, si cha kuhukumia. Lakini mwalimu, mstari mmoja unanikwaza. Umeruhusu kusahihisha lugha kwenye mapitio, ukakataza kuandikiwa muhtasari. Mtoto akiandika muhtasari mbovu wa maneno 100, programu "ikausahihisha" ukarudi wa maneno 160 wenye hoja mbili mpya. Hiyo ni lugha au ni hoja?

Mwalimu wa Zamu

Nimefikiria kusema sahihisho lisiongeze sentensi. Ila sentensi moja inaweza kubadilishwa maana yote bila kuongezwa hata neno.

Komredi wa Thika

Wacha aambatishe muhtasari wake wa kwanza kama mimi na aya zangu za Kiswahili. Wewe soma zote mbili.

Mwalimu wa Zamu

Mara 180, komredi?

Binti Mrima

Soma za wale 20.

msaka_gpa

Samahani wakuu, na kazi ya kikundi je? Sisi tuko sita, mmoja ndiye aliyetumia ChatGPT na hakutuambia. Tamko anasaini nani?